Simu imeandika "mfuko", mzee alisema "mfongo": kusafisha rasimu iliyoandikwa kwa sauti

Nina steshenari ndogo Moshi mjini, upande wa soko la Mbuyuni. Zamani watu waliniletea karatasi za mkono nichape. Siku hizi wengi wananitumia WhatsApp aya moja ndefu kama kamba, haina nukta wala herufi kubwa, imeandikwa na simu huku mwenyewe anaongea. Wanasema, "Dada, nisaidie kuiweka sawa tu." Hiyo "kuiweka sawa" ndiyo kazi ninayoieleza hapa, na nitatumia rasimu moja mwanzo hadi mwisho. Mwenyewe ameniruhusu.

Ni muhtasari wa kikao cha kamati ya mfongo huko Kibosho. Kwa msomaji wa mbali, mfongo ni mfereji wa asili wa Wachaga, unaoteremsha maji ya mlimani hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya migomba na kahawa yanayozunguka nyumba. Katibu wa kamati ni mzee ambaye macho yake hayawezi tena herufi ndogo, kwa hiyo anabonyeza alama ya maikrofoni kwenye kibodi na kusema. Alichonitumia kilianza hivi:

> kikao kilianza saa 4 asubuhi wajumbe 14 walifika wa kikao kilifungwa saa 7 kwa sala tano walitoa udhuru mwenyekiti alisema mfuko umebomoka kule juu na maji hayafiki kwenye viamba vya chini kila kaya itachangia 10002 tutatoza faini wajane na wazee ila vijana wasiofika kazini watalipa 5000 mama mmoja alijitolea kuleta mbegu debe moja tutafunga maji ijumaa jioni tutasafisha mfuko jumamosi asubuhi tutafungulia maji aa nilisahau kabla ya hayo muhtasari wa kikao kilichopita ulisomwa ukakubaliwa

Ukiisoma haraka unaona kinachokosekana ni nukta na herufi kubwa. Mkono unawasha kuanza kuziweka. Usianze hapo. Sentensi yenye makosa ikishapata herufi kubwa mbele na nukta nyuma inaonekana imekamilika, na jicho halirudi tena kuikagua. Mimi natengeneza maneno kwanza, halafu namba, halafu mipaka ya sentensi, halafu mpangilio. Nukta zinakuja zenyewe wakati wa kukata sentensi. Kabla ya yote naweka nakala moja ya rasimu jinsi ilivyokuja, bila kuigusa, maana kibodi haihifadhi sauti ya msemaji. Ukifuta neno la ajabu umefuta na ushahidi pekee wa alichosema.

Dalili: aya nzima imejaa maneno ya Kiingereza yasiyo na kichwa wala miguu

Hii ni rahisi. Kibodi ilikuwa kwenye lugha ya Kiingereza, mtu akaongea Kiswahili. Usijaribu kuikarabati, utapoteza jioni nzima. Fungua mipangilio ya Gboard, sehemu ya lugha, uongeze Kiswahili cha Tanzania, kisha mwenyewe aseme upya.

Dalili: kila neno ni Kiswahili safi, lakini habari haikai sawa

Hapa ndipo kazi ilipo. Simu ikisikia sauti huchagua neno inalolijua na lililozoeleka kukaa karibu na maneno mengine ya sentensi. Neno la nyumbani ambalo hailijui, inalibadilisha kwa jirani yake wa karibu. Ndiyo maana "mfongo" umekuwa "mfuko". "Vihamba" navyo vimekuwa "viamba".

"Viamba" hakinisumbui. Si neno, jicho linasimama hapo lenyewe. "Mfuko umebomoka" nao unajitangaza, kwa sababu mfuko hutoboka au huchanika, haubomoki. Kitenzi kimekataa jina lake. Hiki ni kipimo kizuri cha kutembea nacho: chukua kila jina na kitenzi chake, ujiulize kama vitu hivyo viwili hukutana kweli duniani.

Lililokuwa karibu kunipita ni "mbegu debe moja". Mbegu hupimwa kwa debe, na akina mama huleta mbegu. Hakuna kikagua tahajia kitakachoweka mstari mwekundu pale. Kilichonisimamisha ni kwamba kikao kizima kilihusu kusafisha mfereji, hakuna aliyetaja kupanda. Nikampigia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Kuna mama ameandikwa ataleta mbegu debe moja. Ni mbegu za nini?"

"Mbegu? Ni mbege, mwanangu. Ya vijana wakitoka kazini."

Mbege ni pombe ya ndizi na ulezi. Tofauti na mbegu ni irabu moja ya mwisho, ambayo mtu akiongea haraka haisikiki vizuri. Kwa hiyo kipimo cha pili ni hiki: kitu kinachotokea mara moja tu, hakina mwanzo wala muendelezo mahali pengine kwenye rasimu, kiulizie hata kama kinasomeka vizuri.

Kila msemaji ana jozi zake zinazomtega. Huyu mzee anasema "h" kwa wepesi sana, ndiyo maana kihamba kinapoteza herufi. Mteja wangu mwingine hatofautishi "l" na "r", na rasimu zake lazima nitafute kula na kura, kalamu na karamu, mahali na mahari. Wanaosema "s" badala ya "th" wanaletewa samani badala ya thamani, na wa "z" badala ya "dh" wanapata zana badala ya dhana. Nina daftari dogo lenye ukurasa wa kila mteja wa mara kwa mara, na mtego nikiuona mara ya pili nauandika. Rasimu inayofuata naanza na ukurasa huo.

Tahadhari moja kuhusu kubadilisha kwa pamoja. Kwenye programu ya Google Docs ya simu, ukigusa nukta tatu za juu utaona `Find and replace`. Ukiandika mfuko juu na mfongo chini, utatamani kugusa `Replace all`. Usiguse. Sehemu ya pili ya muhtasari huu ilikuwa na "mfuko wa kamati", ambao ni fedha zao, na "mifuko sita ya saruji". Zote zilikuwa sahihi. Tumia mishale, tembea neno kwa neno, na kila kituo usome sentensi nzima kabla ya kugusa `Replace`.

Dalili: sentensi inasema kinyume cha maamuzi

Soma tena: "tutatoza faini wajane na wazee ila vijana wasiofika kazini watalipa 5000". Kama wajane na wazee wanatozwa, hilo "ila" linafanya nini pale? "Ila" inadai pande mbili zinazopingana, na hapa pande zote mbili zinalipa. Mzee alisema "hatutatoza". Simu ilikosa "ha".

Kosa hili nalihofia kuliko yote, na sababu yake iko ndani ya lugha yetu. Nyakati nyingine kukanusha hubadilisha neno katikati: tulilipa inakuwa hatukulipa, wamelipa inakuwa hawajalipa. Simu ikidondosha "ha" ya hawajalipa inabaki "wajalipa", ambalo halisomeki, na unalikamata. Wakati ujao ni tofauti. Tutatoza na hatutatoza yanatofautiana kwa "ha" ya mwanzo tu, mengine yote ni yaleyale. Atalipa na hatalipa yanatofautiana kwa herufi moja, "h". Utalipa na hutalipa vivyo hivyo. Ikidondoka, kinachobaki ni Kiswahili fasaha chenye maana ya kinyume. Na mihtasari, barua za maombi na mikataba ya kupangisha chumba imejaa wakati ujao.

"Ha" hudondoka zaidi pale mtu anapoanza kusema upya baada ya kunyamaza. Anabonyeza maikrofoni na kusema papo hapo, kabla simu haijaanza kusikiliza, na silabi ya kwanza inapotea. Ndiyo maana namwambia kila mteja: bonyeza, vuta pumzi moja, ndipo useme.

Kwa anayesafisha, njia ni kupita vitenzi vyote vya wakati ujao kimoja kimoja. Kwenye `Find and replace` naandika tuta, napita zote, halafu wata, halafu ata, uta, ita. Kila kimoja naangalia maneno yaliyo karibu. Ukiona ila, bali, wala, kamwe au badala yake, na hakuna ukanushi wowote kwenye sentensi, simama. "Wala" hasa haipendi kukaa bila ukanushi mbele yake. Lakini maneno haya hayapo kila mara. Kama mzee angesema tu "hatutatoza faini wajane na wazee" na kuishia hapo, rasimu isingekuwa na alama yoyote ya kunionyesha. Kwa hiyo kila uamuzi unaohusu fedha, adhabu au ruhusa namsomea mwenyewe kwa simu kabla ya kuchapa. Pia angalia "ni" na "si": "si lazima" na "ni lazima" hubadilishana kwa namna hiyohiyo, na nitalipa na sitalipa pia.

Dalili: namba ya ajabu

Kila kaya itachangia 10002. Shilingi mbili za mwisho zinatoka wapi? Mzee alisema "elfu kumi na mbili". Kwa Kiswahili maneno hayo yanaweza kuwa 12,000 na yanaweza kuwa 10,002, na sisi tunaelewana kwa kuwa tunajua michango ilivyo. Simu haijui. Vivyo hivyo "elfu mia mbili na hamsini" inaweza kuandikwa 250,000 au 200,050.

Namba yenye mkia mdogo baada ya sifuri nyingi ndiyo dalili. Ukiiona, usiikisie. Uliza, kisha uandike kwa tarakimu na kwa maneno. Anayesema naye anaweza kuepuka tatizo kwa kugeuza: "kumi na mbili elfu" haina maana mbili.

Dalili: hakuna nukta hata moja

Nilipokuwa mpya nilikuwa naweka nukta pale ninapohisi pumzi. Sasa natafuta vitenzi. Kiswahili kinakusaidia hapa, kwa kuwa kitenzi kinabeba mtenda na wakati mwanzoni mwake: kilianza, walifika, alisema, itachangia. Kila kitenzi cha namna hiyo ni mlango wa sentensi mpya, au wa kishazi kipya. Ambavyo si milango ni vitenzi vya "-o-" na "amba-", kama "wasiofika kazini", maana vinaeleza jina lililotangulia. Na vya "-ka-" vinashikana na kitenzi cha nyuma: "ulisomwa, ukakubaliwa" ni sentensi moja, ukiweka nukta katikati umevunja mnyororo.

Ugumu unakuja kwenye maneno ya siku na saa, ambayo Kiswahili kinayaruhusu kukaa mbele au nyuma ya kitenzi. Tazama kipande hiki:

> tutafunga maji ijumaa jioni tutasafisha mfuko jumamosi asubuhi tutafungulia maji

Kikate hivi: Tutafunga maji Ijumaa jioni. Tutasafisha mfongo Jumamosi asubuhi. Tutafungulia maji.

Au hivi: Tutafunga maji. Ijumaa jioni tutasafisha mfongo. Jumamosi asubuhi tutafungulia maji.

Njia zote mbili hazibakizi neno. Zote ni Kiswahili kizuri. Ila kwa moja watu wanakuja na majembe Jumamosi asubuhi, na kwa nyingine wamechelewa tangu jana yake. Huwa najaribu kukata kwa njia zote hadi mwisho wa kipande, kwa sababu mara nyingi njia yenye kosa hubakiza neno la siku lisilo na kitenzi, na hapo jibu limepatikana. Kama mzee angemalizia "tutafungulia maji jioni", njia ya pili ingekwama, maana Jumamosi asubuhi na jioni zingegombea kitenzi kimoja. Hapa hakuna kilichobaki, kwa hiyo maandishi peke yake hayana jibu. Nilihisi ni ya kwanza, nani atasafisha mfereji giza likiingia? Lakini nilimpigia tena, na ilikuwa ya kwanza. Hisia yangu haina haki ya kupanga siku ya kazi ya kijiji.

Kwa rasimu zijazo nimempa mzee njia inayotufaa sote. Mwisho wa kila sentensi anasema "nanasi". Hakuna nanasi kwenye mambo ya mfongo, na simu inalisikia vizuri. Mimi natafuta nafasi moja ikifuatiwa na neno nanasi, naweka nukta mahali pake. Nafasi ya mbele lazima niitafute pamoja na neno, la sivyo nukta inaelea mbali na neno la mwisho. Hapa `Replace all` inaruhusiwa, kwa kuwa neno hilo halina kazi nyingine. Kwa mfongo pia tumekubaliana aseme "mfereji", nami nabadilisha. Herufi kubwa naziweka kwa mkono, moja moja, kwa sababu inanilazimisha kusoma kila sentensi tangu mwanzo wake.

Dalili: mambo yamepishana

Kuna kupishana kwa aina mbili, na zinatibiwa tofauti. Ya kwanza ni hii: "wajumbe 14 walifika wa kikao kilifungwa saa 7 kwa sala tano walitoa udhuru". Mpasuko uko ndani ya neno. "Wa" iko upande mmoja, "tano" upande mwingine. Neno lilikuwa "watano". Hakuna binadamu anayejikatiza hivyo akiongea. Kidole chake kiligusa skrini, kishale kikaruka kutoka mwisho wa maandishi hadi katikati ya neno la juu, na alichosema baada ya hapo kikaingia hapo. Dawa yake ni kukata kipande kilichovamia, kuunganisha kingo mbili na kuona kama zinashikana: "watano walitoa udhuru". Zimeshikana. Kipande chenyewe kinarudi mahali alipokuwa amefika wakati anagusa, ambapo mara nyingi ni mwisho.

Ya pili ni ya msemaji mwenyewe: "aa nilisahau kabla ya hayo". Mpasuko uko kwenye mpaka wa sentensi na una neno la kujirudi. Huyu amekuelekeza pa kupeleka, mfuate, kisha ufute maneno ya kujirudi. Watu huchanganya aina hizi, wakahamisha kipande cha msemaji pasipotakiwa au wakaacha cha kidole kikidhaniwa ni wazo la pembeni. Angalia mpasuko ulipo: ndani ya neno au katikati ya sentensi ni kidole, kwenye mpaka ni mtu.

Dalili: sentensi ina jina, haina kitenzi

Sehemu ya baadaye ya muhtasari ilikuwa na "mweka hazina na fundi wa saruji" kisha ikarukia jambo jingine. Maikrofoni huzimika yenyewe mtu akinyamaza kidogo kutafuta neno, naye akaendelea kuongea na simu isiyosikia. Hapa hakuna cha kusafisha, kilichopotea hakimo. Weka mabano matupu yenye alama ya kuuliza, umuulize mwenyewe. Sasa mzee akirekodi huweka simu ya mjukuu wake pembeni ikinasa sauti, kwa kuwa simu moja haifanyi vizuri kazi zote mbili kwa pamoja, na nikikwama nasikiliza dakika ileile.

Kilichotoka mwishoni, nikiiacha ile sehemu ya pili, ni hiki:

> Kikao kilianza saa 4 asubuhi. Wajumbe 14 walifika, watano walitoa udhuru. Muhtasari wa kikao kilichopita ulisomwa, ukakubaliwa.
>
> Mwenyekiti alisema mfongo umebomoka kule juu na maji hayafiki kwenye vihamba vya chini. Kila kaya itachangia shilingi 12,000 (elfu kumi na mbili). Hatutatoza faini wajane na wazee, ila vijana wasiofika kazini watalipa shilingi 5,000 (elfu tano). Mama mmoja alijitolea kuleta mbege, debe moja. Tutafunga maji Ijumaa jioni. Tutasafisha mfongo Jumamosi asubuhi, kisha tutafungulia maji.
>
> Kikao kilifungwa saa 7 kwa sala.

Neno "kisha" niliongeza mimi, na nilimwambia. Nikamsomea yote kwa simu, taratibu. Alinyamaza hadi nilipomaliza.

"Hapo kwa wajane, soma tena."

Nikasoma tena: hatutatoza.

"Haya. Chapa nakala nne, mjukuu atakuja kuzichukua."